Barua ya Serikali Isomwapo kwa Sauti: Wepesi wa Lugha na Heshima katika Kiswahili cha Ofisi, kwa Mfano wa Ufipa



Barua ya serikali iendayo kijijini husomwa zaidi ya mara moja. Kwanza husomwa kimya na Mtendaji wa Kijiji, akiwa peke yake ofisini. Kisha husomwa kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji. Katika uwanda wa juu wa Ufipa aghalabu huwapo hatua ya tatu: mzee aliyekaa nyuma humwuliza kijana wake, kwa Kifipa, barua imesema nini, na kijana humjibu kwa sentensi moja au mbili. Mada yangu ni mwendo huo wa barua, toka kompyuta ya ofisi ya halmashauri mjini Sumbawanga hadi kwenye sentensi ile ya kijana, na hasara inayopatikana njiani.

Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Agizo lilitekelezwa kwa haraka iliyostahili sifa, lakini makarani waliobadili lugha hawakubadili barua. Walichukua kiunzi cha barua ya Kiingereza, pamoja na mpangilio wake wa maneno, wakakivika Kiswahili. Ndipo tulipopata sentensi ya ufunguzi isiyo na habari yoyote ndani yake: "Somo tajwa hapo juu lahusika." Msomaji amekwisha kuisoma mada katika mstari wa YAH, sentensi hii yamwambia kwamba mada aliyoisoma ndiyo mada.

Naomba kuweka wazi jambo moja mapema, kwa kuwa mjadala wa namna hii hupotoka upesi. Uzito ninaouzungumzia hautokani na asili ya neno. Barua, sheria, fidia na tarehe yote ni maneno ya mkopo kutoka Kiarabu, na hakuna mkulima wa Laela wala mvuvi wa Kasanga anayeshindwa kuyaelewa. Mkopo uliokwisha kuzoeleka ni mali yetu. Mkopo mzito ni ule unaoishi ofisini peke yake, kama vile "kwa minajili ya" na "mintarafu ya", na zaidi ni mkopo wa miundo, ambao hauonekani kwa macho kwa sababu kila neno lililomo ni la Kiswahili. Kuhusu "kwa minajili ya", ni vema wanafunzi wajue kwamba katika Kiarabu "min ajli" ni "kwa ajili ya" tayari. Kwa hiyo mwandishi huyo amesema "kwa" mara mbili, na bado hajasema lolote ambalo "ili" isingelisema.

Mfano nitakaoutumia unahusu fidia ya barabara. Barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 200, iliwekwa lami katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010. Kabla ya hapo Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imepanua hifadhi ya barabara kuu. Hifadhi hiyo, iliyokuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, ikawa mita 30. Ukanda wa mita 7.5 ulioongezeka ukawa na nyumba, miti na mashamba ya watu ambao hawakuvunja sheria yoyote. Wao ndio ambao mazungumzo ya kila siku yaliwaita waliofuatwa na barabara. Waliokuwa ndani ya mita 22.5 waliitwa walioifuata barabara, na kwa kawaida hao hawakuhesabiwa katika fidia. Sehemu nyingi nchini nyumba zilipigwa alama ya X, nyekundu kwa hawa na ya kijani kwa wale. Tazameni jinsi mitaani lugha ilivyopata njia fupi na sahihi ya kutofautisha haki mbili: kufuata na kufuatwa, kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Tofauti hiyo ndiyo barua ya ofisi iliyoikosa.

Barua ifuatayo nimeitunga mwenyewe, kwa kufuata desturi ambazo yeyote aliyewahi kupokea barua za namna hii atazitambua. Si barua ya halmashauri yoyote. Anayeandikiwa ni Mtendaji wa Kijiji.

"YAH: UTHAMINISHAJI. Somo tajwa hapo juu lahusika. 2. Katika utekelezaji wa zoezi zima la uthaminishaji wa mali kwa minajili ya ulipaji wa fidia kwa waathirika wa mradi, unaagizwa kuhakikisha kuwa waathirika wote husika wanakuwepo katika maeneo yao na kuonesha maendelezo yasiyohamishika ili kuwezesha kufanyika kwa uhakiki. 3. Aidha, waathirika wanatakiwa kusitisha mara moja uendelezaji wowote ule katika maeneo tajwa, na endapo itabainika kinyume chake maendelezo hayo hayatazingatiwa katika ukokotoaji wa fidia. 4. Pingamizi zote ziwasilishwe ndani ya siku kumi na nne kuanzia tarehe ya barua hii, kinyume na hapo hazitashughulikiwa. 5. Nakutakia utekelezaji mwema."

Tuanze na neno linaloumiza. "Waathirika" limeundwa kihalali kutokana na kitenzi "athirika". Lakini katika miaka ya 1990 na 2000 neno hilo lilishika maana moja maalumu nchini mwetu: mtu mwenye virusi vya UKIMWI. Maana hiyo haijafutika vichwani mwa watu, ijapokuwa wahusika wenyewe na wataalamu wa afya wamelikataa neno hilo na sasa husema watu wanaoishi na VVU. Mtendaji atakayesimama mbele ya mkutano na kusoma kwamba waathirika wote wa kijiji wawepo katika maeneo yao, atasababisha ama kicheko ama aibu, na yumkini watu wawili watatu hawatajitokeza siku ya wathamini. Mwandishi alitaka neno moja la kufupisha "wenye nyumba, miti na mazao ndani ya eneo la barabara". Ufupisho wake umekuwa ghali.

La pili ni "maendelezo". Hili ni istilahi ya sheria za ardhi, lenye maana ya vitu ambavyo mtu ameviweka juu ya ardhi kwa jasho au fedha zake: nyumba, kisima, uzio, miti, mazao. Kimofolojia halina kosa: kutoka "endelea" tunapata "endeleza", na kutoka hilo tunapata "maendelezo". Tatizo ni kwamba lina jirani wa sauti, "maendeleo", ambalo kila Mtanzania amelisikia maisha yake yote. Msikilizaji wa barua hana maandishi mbele yake. Asikiapo kwamba aoneshe maendelezo yasiyohamishika, hudhani ameambiwa jambo fulani la maendeleo, na ile "yasiyohamishika" humchanganya zaidi, kwani nyumba yake ndiyo inayotakiwa kuhama.

Kwa "uthaminishaji" sina mengi ya kusema. Kitenzi "thamini" tayari kina maana ya kutia thamani, na anayefanya kazi hiyo ni mthamini. Kiambishi cha kusababisha kilichoongezwa hapo hakisababishi chochote. "Uthamini" yatosha, na "kuthamini" yatosha zaidi.

Sasa tuje kwenye "husika" na "tajwa", ambayo wanasarufi wenzangu wameyajadili kwa ukali. Vyote viwili ni mashina matupu ya vitenzi yanayotumiwa kama vivumishi. Kiswahili hutaka kirejeshi hapo: maeneo yaliyotajwa, watu wanaohusika. "Husika" limeenea mno hata nadhani vita vyake vimekwisha. "Tajwa" bado lanikera, lakini kero yangu si hoja. Hoja ni kwamba kirejeshi hulazimisha upatanisho na wakati, na kwa hiyo humlazimisha mwandishi kujua anachokielekeza. Nikiandika "maeneo yaliyotajwa", mara moja mtu ataniuliza: yaliyotajwa wapi? Nikirudi nyuma katika barua hii nitakuta hakuna eneo lililotajwa popote. Vivyo hivyo "waathirika wote husika". Ni wapi hao wanaohusika: wa mita 22.5, wa mita 30, au wote? Jambo kubwa kuliko yote katika barua nzima, yaani nani atalipwa na nani hatalipwa, limekabidhiwa kwa neno moja lisilo na kiambishi.

Hapa ndipo kurahisisha lugha kunapoacha kuwa kazi ya kubadilisha maneno. Mtu akiletewa barua hii aisafishe, hawezi kuisafisha akiwa mezani kwake na kamusi. Hana budi kurudi kwa ofisa aliyeiandika na kumwuliza maswali ambayo barua iliyaruka. Eneo ni lipi? Wathamini watafika lini? "Uendelezaji wowote ule" maana yake nini? Swali la mwisho si la ubishi. Barua ikifika Ufipa mwezi wa Mei, mahindi yamekauka shambani na maharage yanavunwa. Mkulima mwaminifu aliyeambiwa asitishe mara moja uendelezaji wowote anaweza kuacha mavuno yaharibike kwa kuitii serikali. Jirani yake asiyejali barua atavuna. Sidhani kama kuna ofisa aliyekusudia hivyo. Yamkini alikusudia kuzuia nyumba mpya na miti mipya inayopandwa usiku ili ihesabiwe. Lakini barua haikusema nyumba wala miti.

Kauli ya kutendwa nayo yahitaji kuangaliwa. "Unaagizwa", "wanatakiwa", "hayatazingatiwa", "hazitashughulikiwa": katika barua nzima hakuna mtu anayetenda. Katika Kiingereza cha ofisi desturi hiyo ilihesabiwa kuwa ya adabu. Katika Kiswahili kauli ya kutendwa ni ya kawaida kabisa pale mtendaji anapojulikana au asipokuwa na umuhimu. Katika barua ya fidia, hata hivyo, mtendaji ndiye mtu ambaye mwananchi atamfuata. Kuna kipimo ambacho Ufipa hukitoa bure: mwombeni msemaji wa lugha mbili aitafsiri barua papo hapo kwa mdomo, kwa Kifipa, au kwa Kimambwe akiwa wa upande wa Matai. Mara nyingi mfasiri wa mdomo hutupa nomino za kufikirika na kutafuta vitenzi, na kila kitenzi humdai atamke nani. "Katika utekelezaji wa zoezi zima la" hupotea lote, wala hapana anayelililia. Pale anaposita na kuuliza "nani?", ndipo barua ilipo na shimo. Kipimo hiki hakihitaji nadharia, na mwanafunzi yeyote anayejua lugha ya nyumbani kwao anaweza kukitumia.

Baada ya maswali kujibiwa, barua yaweza kuandikwa hivi:

"YAH: KUTHAMINI NYUMBA, MITI NA MAZAO KANDO YA BARABARA KUU. Wathamini wa Serikali watafika kijijini kwako Jumanne tarehe 14 na Jumatano tarehe 15 Mei. Wataandika nyumba, miti na mazao yaliyo kati ya mita 22.5 na mita 30 kutoka katikati ya barabara, ili wenye mali hizo walipwe fidia. 2. Naomba uwatangazie wenye mali katika eneo hilo wawepo siku hizo mbili. Asiyeweza kuwepo amwache mtu mzima wa kaya yake anayeijua mipaka. 3. Tunawaomba wasijenge nyumba mpya wala kupanda miti mipya ndani ya eneo hilo, kwa sababu vitu vilivyoongezwa baada ya barua hii havitalipwa. Wanaweza kuvuna mazao yao kama kawaida. 4. Walio ndani ya mita 22.5 hawamo katika malipo haya. Aliye na hoja kwamba yeye au wazazi wake walikuwapo kabla ya barabara, alete maelezo yake kama inavyoelezwa katika aya ya 5. 5. Orodha ya mali itabandikwa ofisini kwako Jumatatu tarehe 20 Mei. Asiyekubaliana nayo alete pingamizi la maandishi kwako au ofisini kwangu, kabla ya saa 9:30 alasiri, Jumatatu tarehe 3 Juni. Asiyejua kuandika, tafadhali umwandikie. 6. Nakushukuru kwa ushirikiano wako."

Mtaona kwanza kwamba barua imerefuka. Hili huwashangaza wanaodhani wepesi ni ufupi. Maneno matupu yametoka, na mahali pake zimeingia tarehe, vipimo na watu. Siku kumi na nne zimebaki zilezile, lakini sasa zinahesabiwa toka orodha ilipobandikwa. Zamani zilihesabiwa toka tarehe ya barua, na barua inaweza kukaa siku kadhaa katika sajili, kisha ingoje gari la kuteremka bonde la Ziwa Rukwa au la kwenda mwambao wa Tanganyika. Isitoshe, pingamizi zilikuwa zikidaiwa kabla ya mtu kuona orodha ya kupinga.

Mtaona pia kwamba fidia, mthamini na pingamizi hazikuondolewa. Haya ni maneno ya kisheria, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, yana uzito mkubwa zaidi: barua iliyoko katika jalada yaweza kusomwa mbele ya baraza la ardhi kama ilivyo. Mwandishi akibadili "fidia" kuwa "malipo" katika aya moja na "kifuta jasho" katika nyingine, kwa kupenda kupamba, atakuwa amewapa mawakili kazi. Kifuta jasho ni hisani na fidia ni haki. Katika insha tunawafundisha wanafunzi waepuke kurudia neno. Katika barua ya serikali neno la kisheria lirudiwe bila haya. Mimi mwenyewe niliandika "malipo haya" katika aya ya 4 kwa makusudi, kwa kuwa waliotengwa pale wanaweza baadaye kudai fidia kwa njia nyingine, na sikutaka barua iseme kwamba hawana haki hiyo.

Limebaki suala la heshima, ambalo ndilo kinga ya kwanza ya watetezi wa barua nzito. Husema kwamba lugha nyepesi huifanya serikali ionekane kama mtu wa sokoni. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa sababu kuna wepesi ulio utovu wa adabu. "Leta majina. Mwisho Ijumaa." Hiyo ni sahihi kisarufi, nayo ni nyepesi, na hakuna mtu mzima anayestahili kuandikiwa hivyo. Lakini tuchunguze heshima ya Kiswahili inakaa wapi hasa. Inakaa katika "naomba" na "tafadhali". Inakaa katika dhamira tegemezi, "uwatangazie", "amwache", ambayo hutoa agizo bila kupaaza sauti. Inakaa katika kumwita mtu kwa cheo chake au kwa "Ndugu". Zaidi ya yote inakaa katika kutoa sababu. Mtu anayeambiwa "wasijenge, kwa sababu havitalipwa" ametendewa kama mwenye akili; anayeambiwa "endapo itabainika kinyume chake" ametishwa. Katika ile barua ya kwanza nimetafuta neno moja la adabu na nimepata la mwisho tu, "nakutakia utekelezaji mwema", ambalo ni dua kwa mtu aliyekwisha kuagizwa bila kuombwa.

Wapo wanaohofu kwamba "naomba" itaidhoofisha amri. Uzoefu wa lugha yetu hauungi mkono hofu hiyo. Mkubwa akisema "naomba" kwa mdogo wake kazini, wote wawili wanajua kilichosemwa. Kinachodhoofisha amri ni kukosa tarehe na kukosa mtendaji. Hata hivyo nimetofautisha nafsi kwa makini: "naomba" kwa Mtendaji, maana anayeandika ni mkurugenzi mwenyewe kwa mamlaka yake, "tunawaomba" kwa wananchi, maana hapo inasema halmashauri. Tofauti hiyo ndogo huonekana zaidi barua inaposomwa kwa sauti.

Kuhusu "aidha" nitasema neno moja tu. Katika barua ile limetumika vema, kwa maana ya "pia". Lakini mwandishi wa leo hulitumia vilevile kwa maana ya "ama", kwa kudanganywa na neno la Kiingereza linalofanana nalo kwa sauti, hata barua moja huweza kuwa na maana zote mbili. Msikilizaji atajuaje? Mimi naliacha kabisa katika barua za watu wengi, ijapokuwa ni neno zuri, na hoja mpya naianza kwa nambari mpya ya aya.

Kuna mahali ambapo njia hii haifiki. Jedwali la uthamini lenyewe, pamoja na viwango vya bei kwa kila aina ya mti na zao, limetungwa na wataalamu kwa ajili ya wataalamu, na barua ya Mtendaji haiwezi kulibeba. Nakala yake hubandikwa ukutani pamoja na orodha ya majina. Mwenye shamba la ulezi kando ya barabara atauona mstari wake, atasoma tarakimu ya mwisho, na hatajua imetoka wapi. Kulieleza jedwali hilo kwa Kiswahili kinachosomeka kwa sauti, safu kwa safu, ni kazi ambayo mhadhara huu haukuigusa, na ningefurahi kuona mmoja wa wanafunzi waliopo hapa ameichukua kuwa tasnifu yake.